Mwalimu wa Fizikia kutoka Nairobi: ana sifa za kibali cha kazi Tanzania?

Shule moja binafsi ya Arusha, yenye kufuata mtaala wa Cambridge, ilitangaza nafasi ya mwalimu wa fizikia na hisabati wa ngazi ya IGCSE, kuanza muhula wa Januari. Chini ya tangazo kulikuwa na mstari huu: "Wasio raia wanaweza kuomba iwapo wana sifa za kupata kibali cha kazi." Mstari kama huo huandikwa kwa haraka, na mara nyingi aliyeuandika hajajiuliza unamtaka mwombaji afanye nini. Mwombaji mmoja, Mkenya anayefundisha Nairobi, aliamua kuuliza. Barua yake ya pepe ilifika kwa ofisa ajira wa shule mwishoni mwa Septemba:

"Habari ya kazi, madam. Mimi ni raia wa Kenya, nina shahada ya ualimu wa sayansi, nimesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya, na nimefundisha IGCSE kwa miaka sita. Nimeona kwa tangazo mnasema mtu awe na sifa za kibali. Naomba kujua kama mimi niko nazo. Nilikuwa najua sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kibali tena, ama nimekosea? Na kama kinahitajika, naweza kuja nianze Januari huku kikishughulikiwa? Bibi yangu ana saluni, naye angependa kuhamisha biashara tukija pamoja."

Ni barua ya mtu makini. Ina maswali manne, na kila moja lina jibu rahisi ambalo si sahihi. Namfahamu ofisa aliyeijibu, na jibu lake nimelisoma lote kwa ruhusa yake. Hapa nalichambua kipande kwa kipande, kwa sababu kwa sehemu kubwa ndivyo swali hili linavyopaswa kujibiwa, isipokuwa mahali pamoja ambapo mimi nisingeandika alivyoandika yeye.

Alianza na swali la Afrika Mashariki, ingawa mwombaji aliliweka la pili. Aliona kwamba mtu anayeamini kibali kimefutwa hatasoma mengine yote kwa makini. Aliandika:

"Mwalimu, nashukuru kwa kuuliza kabla ya kutuma vyeti. Kuingia Tanzania huhitaji viza, na mpakani Namanga utagongewa muhuri wa kukaa kama mgeni hadi miezi sita. Muhuri huo ni wa kukaa, si wa kufanya kazi. Kufanya kazi Tanzania Bara, Mkenya anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Ni vibali viwili, ofisi mbili, na vyote viwili lazima viwepo."

Kuchanganya haya kunaeleweka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Watu wengi wamesikia hilo na kuishia hapo. Lakini itifaki hiyohiyo, kwenye kiambatisho chake cha wafanyakazi, inataja kibali cha kazi waziwazi na kueleza kiombwe vipi. Tena uhuru wenyewe haukufunguliwa kwa kazi zote: kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizokubali kuzifungua na lini. Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoleana ada za vibali. Mwalimu wa Nairobi mwenye rafiki aliyekwenda Kigali bila kulipa senti ataona ni kawaida kwamba Arusha nako ni hivyo. Sivyo. Tanzania ada ipo, na hata kule ilikoondolewa, kilichoondolewa ni malipo, kibali kimebaki.

Baada ya hapo ndipo alipoligusa swali la kwanza, na hiki ndicho kiini cha kisa chote. Mwombaji aliuliza: "Je, mimi niko na sifa?" Ofisa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema:

"Kibali hakiombwi na wewe, kinaombwa na shule. Kamishna ataangalia mambo mawili. La kwanza ni lako: elimu, uzoefu na usajili wako vinalingana na kazi hii? Hapo naona uko vizuri. La pili ni letu: shule imethibitisha kwamba ilimtafuta Mtanzania ikakosa, na ina mpango wa kumfundisha Mtanzania ujuzi wako? Hilo la pili huwezi kulijibu wewe, na mimi siwezi kukuahidi matokeo yake."

Naomba tukae hapa kidogo. Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015. Kabla yake mamlaka za vibali zilikuwa zimetawanyika kwenye ofisi kadhaa. Sheria hiyo iliviweka vibali vya kazi Bara chini ya Kamishna wa Kazi, na ikasema asitoe kibali mpaka aridhike kwamba juhudi zote zimefanywa kumpata mtaalamu wa ndani. Ukiisoma hivyo, maneno "sifa za kibali" kwenye tangazo yamekaa vibaya. Nusu ya sifa hizo ni za mwajiri. Mwombaji anaweza kuwa mwalimu bora wa fizikia katika ukanda mzima na bado ombi likakataliwa kwa sababu shule haikuhifadhi rekodi ya Watanzania iliowahoji.

Rekodi hiyo ndiyo inayoziangusha shule nyingi. Mwajiri anampata mgeni anayempenda kwanza, halafu anatangaza nafasi kwa siku chache kama kutimiza wajibu, kwa tangazo lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: miaka sita kamili ya uzoefu, mtaala huu, lugha hii, na ikiwezekana awe amewahi kufanya kazi Nairobi. Ofisa wa kazi aliyezoea anaigundua michezo hii upesi. Anatazama tarehe ya tangazo na tarehe ya mkataba wa mgeni. Kama mkataba umetangulia, au umefuata siku mbili baadaye, hahitaji kuuliza zaidi.

Shule hii ilikuwa na hoja ya kweli, na ofisa ajira aliijua. Tanzania ina walimu wengi wasio na ajira, na mwenye shahada ya fizikia si wa kutafuta kwa tochi. Kusema "hakuna Watanzania" kungekuwa uongo, na ungeonekana. Kilichopungua ni mtu aliyewaandaa wanafunzi kwa mtihani wa fizikia wa IGCSE, wenye namba 0625, hasa sehemu ya vitendo, ambako mwanafunzi anapimwa kupanga jaribio, kuchora grafu ya vipimo vyake na kueleza makosa ya kipimo. Hoja ikiwa nyembamba namna hiyo, inaweza kuthibitishwa: haya ndiyo maombi tuliyopokea, hawa ndio Watanzania tuliowaita, hili ndilo somo la majaribio walilofundisha, hapa ndipo walipopungukiwa. Kurasa tatu za aina hiyo zina nguvu kuliko barua ndefu ya mkurugenzi inayosema shule inahitaji "viwango vya kimataifa".

Kuhusu daraja la kibali, jibu lilikuwa fupi, na lilistahili kuwa fupi. Vibali vya kazi vimegawanywa A hadi E. A ni ya wawekezaji, B ni ya taaluma zilizotajwa mahususi, C ni ya taaluma nyingine, D ni ya shughuli za dini na hisani, E ni ya wakimbizi. Walimu wa sayansi na hisabati wako B, pamoja na wahudumu wa afya na wataalamu wa mafuta na gesi. Ada ya B ni dola 500, wakati C ni dola 1,000. Kwa hiyo huyu wa fizikia yuko B, na mwenzake ambaye angekuja kufundisha historia katika shule hiyohiyo angekuwa C, kwa ada maradufu. Tofauti hiyo haihusu pesa peke yake. Inaonyesha ni wapi nchi imekiri yenyewe kwamba ina upungufu.

Aliongeza jambo ambalo maofisa ajira wengi hulisahau mpaka kibali kimekwama: utambuzi wa vyeti. Shahada ya chuo cha Kenya hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Cheti cha sekondari cha KCSE hupatiwa ulinganifu na Baraza la Mitihani, NECTA. Mwalimu wa nje anahitaji pia leseni ya kufundisha kutoka wizara ya elimu, na usajili wa TSC wa Kenya hauichukui nafasi hiyo, ingawa unasaidia kuonyesha kwamba hana doa. Alimwomba mwombaji aanze na NECTA na TCU wiki hiyohiyo, bila kusubiri usaili wa pili, kwa maelezo haya: "Hata usipoajiriwa na sisi, karatasi hizo zitabaki kuwa zako." Nimelipenda hilo. Kati ya yote aliyoyataja, hilo peke yake lilikuwa mikononi mwa mwombaji, na alimwambia hivyo bila kumzungusha.

Sasa swali la tatu: kuanza Januari huku kibali kikishughulikiwa. Jibu lilikuwa hapana, na lilielezwa vizuri:

"Hapana, mwalimu. Ombi likiwa mezani bado huna ruhusa ya kufanya kazi. Ukikutwa darasani, kosa ni lako na letu. Tutaandika kwenye mkataba kwamba ajira inaanza siku vibali vyote viwili vitakapotoka, na mshahara unaanza siku hiyo. Usijiuzulu unakofundisha sasa kabla hatujakuandikia kwamba vimetoka."

Sentensi ya mwisho ina thamani kuliko nusu ya barua. Mwalimu wa shule binafsi Nairobi anayejiuzulu Oktoba kwa ahadi ya Januari anaweza kujikuta Machi hana kazi upande wowote wa mpaka. Mwajiri asiyemwambia hivyo anamhamishia hatari ambayo ni yake mwenyewe kuibeba. Kuna waajiri wanaonyamaza makusudi, kwa sababu mtu aliyekwisha kujiuzulu hawezi kubishana tena kuhusu mshahara.

Lakini hapohapo ndipo alipoweka maneno ambayo mimi ningeyafuta: "Unaweza hata hivyo kuja wiki ya kwanza ya Januari kwa mafunzo elekezi, bila malipo, ukutane na wenzako." Nia ni njema, na shule nyingi hufanya hivyo. Ila mwalimu aliye kwenye ratiba ya mafunzo elekezi, mwenye kitambulisho cha shule shingoni, akikaa kwenye kikao cha idara kupanga masomo ya muhula, yuko kazini, alipwe asilipwe. Mkaguzi akiingia lango la shule asubuhi hiyo, maneno "bila malipo" hayatakuwa ngao, na pengine yatazua swali jingine. Kuja kwa usaili wa siku moja ni jambo la kawaida la mgeni. Kuja kuanza kazi kidogokidogo si usaili. Nilimwambia hivyo, naye akamwandikia mwombaji siku iliyofuata kwamba mafunzo yatafanywa kwa video na yatakuwa baada ya kibali. Kuna wanaokimbilia viza ya biashara katika hali kama hii. Hiyo ni ya siku 90 kwa mtu anayekuja kumaliza shughuli fupi na kuondoka, na mwalimu mwenye mkataba wa miaka miwili hafanani naye.

Kuhusu ada, mwombaji hakuuliza, lakini ofisa alimjibu: shule italipa ya kibali cha kazi na ya ukaazi, na imeandikwa kwenye mkataba. Akaongeza onyo. Malipo ya serikali Tanzania hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayotolewa na mfumo wenyewe kwa kila ankara. Mtu akimpigia akidai ni wakala wa shule na akimtaka atume "pesa ya kibali" kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, huyo ni tapeli. Matapeli wa kazi za mpakani wanazijua sheria kiasi cha kutosha kutaja daraja B na dola 500. Wasichoweza kukuonyesha ni ankara yenye namba hiyo na jina la mwajiri.

Swali la nne, la mke na saluni, lingeweza kupuuzwa. Mwajiri anamwajiri mwalimu, si familia. Lakini kwa mwombaji huenda ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwa sababu kipato cha nyumba kilitegemea watu wawili. Ofisa alijibu kwa uangalifu. Mke anaweza kuingizwa kama mtegemezi upande wa Uhamiaji, na mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi kwa sababu tu mumewe ana kibali. Juu ya hilo, agizo la leseni za biashara lililotolewa Julai 2025 limezuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na saluni imo, isipokuwa ile iliyo hotelini au kwa ajili ya utalii. Katika orodha hiyo wamo pia mafundi simu, mawakala wa miamala ya fedha kwa simu na waongoza watalii, ambao kwa Arusha si jambo dogo. Agizo halikuwaachia Wakenya mlango wa Afrika Mashariki, na ndiyo maana liliwaudhi sana kule ng'ambo ya Namanga. "Asiuze viti vyake vya saluni bado," ofisa aliandika, "na kwa hili ningependa mpate ushauri wa mwanasheria, maana mimi kazi yangu ni ajira."

Kukiri mpaka wa kazi yake kulikuwa sahihi. Ofisa ajira si mwanasheria wa uhamiaji, na anapojifanya hivyo ndipo anapotoa ahadi zitakazorudi kumtesa.

Kitu kimoja hakukitaja, nacho kingeweza kuwa na uzito: shule ina tawi Zanzibar. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini kazi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira na kamisheni yake ya kazi. Kibali cha Bara hakimruhusu mwalimu kwenda kufundisha Unguja muhula mmoja kwa sababu tu mwajiri ni yuleyule. Vilevile kibali kimefungwa kwenye kazi iliyoombewa. Wakimpandisha kuwa mkuu wa taaluma mwaka wa pili, inabidi warudi kwa Kamishna. Akipata shule nyingine Moshi, kibali hakimfuati.

Ombi lilipelekwa katikati ya Oktoba kupitia mfumo wa mtandaoni, likiwa na mkataba, vyeti vilivyotambuliwa, maelezo ya kazi, rekodi ya usaili na mpango wa kurithisha ujuzi. Lilirudi na hoja moja, na haikumhusu mwombaji hata kidogo. Ilihusu mpango wa kurithisha ujuzi. Shule ilikuwa imeandika kwamba mwalimu "atawajengea uwezo walimu wazawa". Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango ulioelezwa vizuri, na maneno hayo hayaelezi chochote: nani anajengewa, uwezo gani, mpaka lini?

Mpango wa pili ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na ulikuwa na mtu ndani yake. Mwalimu wa fizikia Mtanzania, mhitimu wa chuo kikuu mwenye miaka miwili kazini, ambaye tayari alikuwa akifundisha madarasa ya chini ya shule hiyo. Muhula wa kwanza angekaa kwenye maabara pamoja na mgeni katika masomo ya vitendo ya 0625. Muhula wa tatu angeyaendesha yeye, mgeni akitazama. Mwaka wa pili angechukua kundi lake la watahiniwa na kusahihisha mitihani ya majaribio, mgeni akipitia alama zake. Kufikia mwisho wa miezi 24, ambayo ndiyo urefu wa kibali, angekuwa ametoa kundi moja la watahiniwa kuanzia mwanzo hadi mtihani.

Kibali cha kazi kilitoka, na cha ukaazi kikafuata, lakini Januari ilikuwa imekwisha kupita. Mwalimu aliingia darasani wiki ya pili ya Februari. Alikuwa amebaki kwa mwajiri wake wa Nairobi mpaka alipopata barua, kwa hiyo hakupoteza mshahara. Mke alibaki Nairobi na saluni yake, kwa sasa.

Kwa wiki hizo tano za mwanzo wa muhula, madarasa ya 0625 yalishikwa na yule mwalimu kijana aliyetajwa kwenye mpango. Aliyamudu, kwa mujibu wa mkuu wa idara, isipokuwa masomo ya vitendo, ambayo aliyasogeza mpaka mgeni afike. Ofisa ajira ameliandika hilo kwenye faili pamoja na tarehe. Linaonyesha kwamba hoja ya shule ilikuwa ya kweli, na pia kwamba pengo lenyewe ni dogo kuliko lilivyoonekana Oktoba. Siku shule itakapoomba kibali kiongezwe, ukurasa huohuo ndio ofisa wa kazi atakaoufungua kwanza, na mwalimu kutoka Nairobi ameshaambiwa hivyo kwa maandishi.